Kuhukumiwa bila kuwepo mahakamani: je inazuia mtu kupelekwa nje?

"Shikamoo wakili. Mjomba wangu amekamatwa ugenini, nchi aliyofanya kazi zamani inamtaka arudishwe huko, kumbe walishamhukumu miaka 6 yeye akiwa hayupo na anaapa hakujua kama kuna kesi. Hio peke yake haitoshi kuzuia asipelekwe? Wakili wake anasema eti 'kesi haikuwa ya haki' sio hoja, hatumuelewi kabisa."

Marahaba, na poleni sana. Wakili wenu hajakosea ila amewajibu kwa kifupi mno mpaka imekuwa kama anawakatisha tamaa, ngoja nieleze taratibu maana kwenye hali ya mjomba wako kuna mlango kabisa, sema sio ule mnaougonga nyie.

Jaji anayeamua kama mtu akabidhiwe nchi nyingine hasikilizi ile kesi yenyewe. Haangalii kama mjomba alifanya kosa au hakufanya, wala hakagui mahakama ya kule kama mahakama ya rufaa inavyokagua mahakama ya chini. Kila nchi ina taratibu zake, kuna kwenye majaji watatu bila wazee wa baraza, kuna kwenye maswali yote anauliza jaji, kuna kwenye mashahidi wanaandika maelezo na hawaji kabisa, na kama kila tofauti ya hivi ingekuwa sababu ya kukataa basi hakuna mtu angekabidhiwa popote. Kwa hiyo kipimo kimewekwa juu makusudi. Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu pale Strasbourg ilikiweka mwaka 1989 kwenye kesi ya Soering, kijana wa Kijerumani aliyekuwa Uingereza na anatakiwa jimbo la Virginia huko Marekani. Kesi ile ilishinda kwa sababu nyingine, mateso ya kukaa miaka kwenye foleni ya kunyongwa, lakini kwa kupitia tu majaji wakasema mtu anaweza kuzuiliwa asipelekwe pia kama anakokwenda amenyimwa kwa namna ya wazi kabisa, au yuko hatarini kunyimwa hivyo, haki ya kusikilizwa. Hayo maneno "wazi kabisa" ndio yanayomfanya wakili wenu akunje uso. Kasoro haitoshi, hata kasoro kubwa ambayo ingefuta hukumu kama ingetokea hapo hapo nchini haitoshi, lazima iwe imefika mahali haki yenyewe haipo tena, limebaki jina tu. Ilichukua zaidi ya miaka 22 tangu Soering mpaka Strasbourg wakaja kusema kwa mara ya kwanza kwamba ndio, huyu mtu akipelekwa kipimo kitavukwa kwa sababu ya kesi yenyewe. Hio ndio hali halisi, na ndio maana "kesi haikuwa ya haki" ikisemwa hivyo hivyo jaji anaiandika kwenye daftari alafu anageuza ukurasa.

Sasa habari yenye matumaini. Majaji wenyewe wametaja mifano ya mambo yanayovuka kipimo, na moja wapo ni hili lenu: mtu amehukumiwa akiwa hayupo ALAFU hana njia ya kupata kesi isikilizwe upya kuanzia mwanzo. Soma hio sentensi mara mbili tafadhali. Ina nusu mbili na nusu ya kwanza peke yake haina nguvu. Kuhukumiwa bila kuwepo sio kosa lenyewe, nchi nyingi zinaruhusu, kosa ni kuhukumiwa bila kuwepo bila kujua na kisha kuambiwa ndio imeisha, njoo ufungwe. Hata Umoja wa Mataifa walipotoa mkataba wa mfano wa ukabidhi mwaka 1990 waliandika hivyo hivyo, kwamba ombi likataliwe kama mtu hakupewa taarifa ya kutosha au nafasi ya kujitetea na hakupata wala hatapata nafasi ya kesi kurudiwa akiwepo. Ule ni mfano tu hauifungi nchi yoyote, ila mtakuta maneno yanayofanana nao kwenye mikataba na sheria nyingi, kwa hiyo mwambieni wakili afungue mkataba wa hizo nchi mbili atafute kifungu hicho kabla ya kitu kingine chochote.

Kwa hiyo maswali ya mjomba ni mawili tu. Je alijua? Na je akifika kesi itarudiwa, kweli kweli?

Nianze na kujua maana hapa ndipo familia nyingi zinateleza. Upande unaomtaka utasema alijua akakimbia, kwa hiyo aliiacha haki yake mwenyewe, na mtu aliyeiacha haki yake kwa hiari hana cha kulalamika. Swali linakuja, kujua maana yake nini? Mahakama ya Juu kabisa ya Uingereza ilijibu hili Machi 2024 kwenye kesi ya Bertino, aliyekuwa anatakiwa Italia. Huyu bwana alikuwa ameitwa polisi kule, akasaini karatasi kwamba anachunguzwa, akatoa na anwani yake, kisha akahamia Uingereza na hakuwaambia alikohamia. Wakati anaondoka hata mashtaka yalikuwa hayajafunguliwa. Mahakama za chini zikasema amejitakia mwenyewe, alijua anachunguzwa na akapotea. Mahakama ya juu ikakataa. Ikasema kujua kwamba unachunguzwa sio sawa na kujua kwamba una kesi tarehe fulani mahali fulani na kwamba usipokuja watakusikiliza bila wewe. Uzembe wa kutotoa anwani mpya sio kuiacha haki. Kwangu mimi hii ni hukumu ya maana sana kwa watu wanaohama hama kutafuta kazi, kwa sababu mtu wa aina hiyo ana anwani nne ndani ya miaka mitatu na barua inaenda kwenye chumba ambacho sasa anakaa mpangaji mwingine.

Kwa vitendo ina maana hivi. Msibishane kwa maneno kwamba hakujua, ombeni karatasi. Kwenye faili la kule lazima kuna kitu kinachoonyesha samansi ilipelekwaje, nani aliipokea, lini, kwa saini ipi. Niliwahi kushika kesi moja ambayo upande wa pili walikuja na uhakika kabisa kwamba mteja wangu alipewa samansi, tukaomba nakala, ikaja karatasi imefifia, chini kuna saini ya mviringo na pembeni mtu ameandika kwa mkono "mke". Mteja wangu hajawahi kuoa. Tulichukua cheti kinachoonyesha hajaoa, tukachukua mhuri wa pasipoti unaoonyesha alishatoka nchini miezi minne kabla ya tarehe ile, tukaweka karatasi tatu mezani kwa jaji zikiwa zimepangana. Sikuhitaji kusema maneno mengi siku ile. Nyie pia anzeni leo: mhuri wa kutoka, tiketi, mkataba wa nyumba, slipu za mshahara za ugenini, chochote chenye tarehe kinachoonyesha mjomba alikuwa wapi samansi ilipokuwa inatembea.

Na muulizeni swali moja faragha, tena wakili ndio amuulize: je aliwahi kuweka wakili kule? Kama aliweka wakili mwenyewe na yule wakili akawa anahudhuria, mahakama nyingi zitasema alikuwepo kupitia wakili na hoja yote inaporomoka. Wakili aliyepangiwa na mahakama bila yeye kujua ni jambo tofauti kabisa, mtu ambaye hajawahi kuongea nae hawezi kumpa maelekezo. Ila ni lazima ijulikane mapema, sio iibuke upande wa pili ukiwa umesimama.

Tuje kwenye kesi kurudiwa. Hapa upande wa pili utaleta barua ya kusema "akifika atapata kesi upya" na watu wengi wanakata tamaa hapo. Msikate, someni kitenzi. Kuna tofauti kubwa kati ya "ana haki ya kesi kusikilizwa upya" na "anaweza kuomba kesi isikilizwe upya". Siku ile ile ya Bertino mahakama ya Uingereza ilitoa hukumu nyingine, ya Merticariu aliyetakiwa Romania, ikahusu neno hili tu karibu. Sheria yao ya ukabidhi ya mwaka 2003 kwenye kifungu cha 20 inasema mtu aliyehukumiwa bila kuwepo na ambaye hakukwepa kwa makusudi lazima awe na stahili ya kusikilizwa upya, la sivyo jaji amwachie. Kule Romania angepata kesi upya kama tu mahakama ya kule ingekubali kwanza kwamba hakujua. Yaani afungwe, aombe, athibitishe, alafu labda. Mahakama ikasema stahili ya kweli haiwezi kutegemea mahakama ya kule kwanza iamue ukweli fulani kwa faida yako, hio sio stahili, hio ni nafasi ya kuomba. Wote wawili walishinda. Hio ni sheria ya Uingereza na hukumu hizi haziifungi nchi alipo mjomba kama ni nyingine, ila hoja inaelezeka mbele ya jaji yeyote, na jaji makini atataka kujua kipi kati ya hivyo viwili anaahidiwa. Kwa hiyo ombeni maandishi ya kifungu chenyewe cha sheria ya kule, sio barua inayokielezea. Angalieni kuna dedlaini ya siku ngapi na inaanza kuhesabiwa lini, maana nimeona sheria nzuri kwa macho ambayo siku zake zinaanza kuhesabiwa tangu hukumu ilipotolewa, kwa hiyo mtu anatua uwanja wa ndege haki yake ikiwa imeshaisha miaka iliyopita.

Hapa niwaambie ukweli ambao mtu akishinda raundi ya kwanza hapendi kuusikia. Kasoro ya kesi kurudiwa nchi inayomtaka inaweza kuirekebisha na kuja tena. Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Ira Einhorn. Huyu alishtakiwa kwa mauaji Philadelphia, akatoroka Marekani mwaka 1981 kesi ikiwa inakaribia kuanza, mwaka 1993 wakamhukumu kifungo cha maisha akiwa hayupo, mwaka 1997 akakamatwa Ufaransa. Mahakama ya Bordeaux ikakataa kumtoa, sababu ni kwamba alihukumiwa bila kuwepo na sheria ya Pennsylvania haikumpa nafasi ya kesi mpya. Akatoka. Basi, bunge la jimbo la Pennsylvania mwanzoni mwa 1998 likatunga sheria inayoruhusu mtu wa aina yake kuomba kesi upya, ombi la pili likapelekwa, na safari hii mahakama ikakubali. Yeye akaenda mpaka Strasbourg na hoja nzuri tu kwa maoni yangu, akasema sheria hiyo inakiuka katiba ya Pennsylvania yenyewe kwa sababu bunge haliwezi kufuta hukumu ya mahakama iliyokwisha, kwa hiyo akifika majaji wa kule wataitupa na yeye atabaki na kifungo chake. Strasbourg mwanzoni waliwaomba Ufaransa wasubiri, baadae wakaondoa zuio, akapelekwa Julai 2001, na Oktoba mwaka huo wakatupa malalamiko yake kwamba hakuna ushahidi wa kutosha kuonyesha atanyimwa kesi mpya. Kweli akapata kesi mpya, akakutwa na hatia tena mwaka 2002, akarudi kwenye kifungo cha maisha.

Angalia kilichomuangusha. Hoja yake ilikuwa "huenda". Huenda majaji wa kule wataitupa ile sheria. Jaji anataka sababu nzito za kuamini kuna hatari ya kweli, na mzigo wa kuleta hizo sababu unaanza kwa anayepinga kupelekwa, akishazileta ndio serikali inabanwa iondoe wasiwasi. Kwa hiyo kama mnasema kesi upya kule ni ya kwenye karatasi tu, tafuteni watu waliokabidhiwa nchi ile kabla yake wakiwa na hukumu za namna hiyo, je waliomba? walipata? ilichukua miezi mingapi wakiwa ndani? Wakili mmoja wa kule anayefanya jinai kila siku, akaandika kiapo kwamba ameomba kesi upya kwa wateja kadhaa na hakuna hata mmoja aliyepata, na akaambatanisha maamuzi yenyewe, huyo ana uzito kuliko ripoti ya kurasa mia inayosema mahakama za nchi ile zina rushwa. Sisemi ripoti ziachwe, hapana, zinasaidia kumuonyesha jaji kwamba wakili huyo hasemi kitu cha ajabu. Ila ripoti inaongea kuhusu nchi na jaji anauliza kuhusu mjomba wako.

Jambo la mwisho kwenye hili, hata kesi ikirudiwa kweli ulizeni itarudiwa kwa ushahidi gani. Ile kesi ya kwanza ambayo Strasbourg walisema kipimo kimevukwa ilikuwa ya Othman, mhubiri aliyekuwa anashukiwa ugaidi, wengi wanamjua kama Abu Qatada, hukumu ya Januari 2012. Kitaalamu kulikuwa ni kufukuzwa Uingereza kurudishwa Jordan na sio ombi la ukabidhi ila kanuni ni ile ile. Jordan walishamhukumu mara mbili akiwa hayupo na wakasema akirudi watamsikiliza upya. Wakaahidi pia hatateswa, na Strasbourg wakaikubali ile ahadi kwa sababu ilikuwa ya kina, imesainiwa mwaka 2005 na ina watu wa kuifuatilia. Lakini ushahidi dhidi yake ulikuwa maneno ya washtakiwa wenzake waliosema waliteswa ndio wakasema hayo, na ulikuwa unaenda kutumika tena. Hapo ndipo majaji wakasema hapana, kesi inayosimama juu ya maneno yaliyotolewa kwa mateso sio kesi, hata aliyeteswa awe mtu mwingine kabisa. Kilichofuata kinaonyesha kwa nini mapambano haya yana maana: Uingereza na Jordan wakaingia mkataba mwaka 2013 unaosema maneno yanayodaiwa kutolewa kwa mateso hayakubaliki mpaka waendesha mashtaka wathibitishe yalitolewa kwa hiari, yeye mwenyewe akaondoka Julai mwaka huo, na mwaka 2014 mahakama ya Jordan ikamwachia huru kwenye kesi zote mbili. Watu wanaibishia sana kesi hii kwa sababu ya mtu mwenyewe, mimi naitetea bila aibu. Ule ushahidi ulipobanwa haukusimama.

Kwa hiyo kwenye faili la mjomba tafuteni hukumu yenyewe, nakala kamili, muitafsiri, muone alitiwa hatiani kwa maneno ya nani. Kama ni ya mshtakiwa mwenzake aliyekuwa mikononi mwa polisi, fuatilieni yule mtu alisema nini baadae mahakamani, je aliyakana, kuna cheti chochote cha daktari.

Na leo hii, kabla hata ya hayo yote, hakikisheni mjomba hajasaini kukubali kupelekwa. Siku ya kwanza mahakamani mtu anaulizwa kama anakubali, anaambiwa akikubali mambo yataenda haraka, amechoka, hajalala, hajui lugha vizuri, anasaini akidhani anasaini kwamba amesomewa. Sehemu nyingi ukishakubali huwezi kurudi nyuma, na hoja zote nilizoandika hapa zinafia hapo. Kama amesaini bila mkalimani mwambieni wakili leo leo, sio kesho. Kama hajasaini, aseme hakubali na anyamaze kuhusu kosa lenyewe. Alafu muulizeni wakili siku za kukata rufaa ni ngapi, kuna nchi ni siku 7 tu tangu jaji aseme, na zinahesabiwa na wikiendi zake. Ukiipata hukumu ya kule na ile karatasi ya samansi niandikie hapa kilichoandikwa kwenye sehemu ya mpokeaji, neno kwa neno, bila jina la mtu.